Biashara Ikipoa: Jinsi ya Kupanga Posti Zako Hadi Wateja Warudi

Wiki ya tatu baada ya shule kufunguliwa, simu ya mshonaji wa sare inanyamaza ghafla. Mwezi mmoja nyuma alikuwa analala saa tano za usiku akijibu "mnachukua siku ngapi?" Sasa anafungua simu asubuhi, anakuta ujumbe wa kikundi cha ukoo tu. Hapo wengi hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama naye ananyamaza, ukurasa unakaa miezi minne bila kitu kipya, ama anaanza kupiga kelele kila siku: "Karibuni wateja, tupo," "Punguzo kubwa wiki hii," picha ileile ya sketi yenye marinda kwa mara ya tisa.

Yote mawili yanaumiza. Anayenyamaza anasahaulika, na msimu ukirudi mteja anamuuliza jirani yake fundi mzuri ni nani. Anayepiga kelele anawafundisha watu kupita posti zake bila kusoma, kwa sababu kila posti inamtaka mzazi anunue kitu ambacho amekinunua juzi tu. Mzazi huyo hajakuchukia. Hana haja kwa sasa, basi.

Kwa hiyo mpango mzima ninaoueleza hapa umesimama juu ya jambo moja: biashara ikipoa, acha kuzungumzia kile unachouza, zungumzia kile mteja anachofanya na kitu alichokwisha kukinunua. Nitamtumia mshonaji wa sare mwanzo hadi mwisho kama mfano, maana msimu wake unaonekana waziwazi. Kama wewe ni mpiga picha wa harusi, muuza makoti ya baridi au mwenye nyumba ya wageni, badilisha tarehe na vitu. Mpangilio ni uleule.

Kwanza, ijue tarehe yako ya kweli

Usipange posti kwa kukisia. Ushahidi unao mfukoni. Fungua WhatsApp, gusa sehemu ya kutafuta, andika neno "bei". Zitajitokeza meseji zote zenye neno hilo pamoja na tarehe zake. Fanya hivyo tena kwa "siku ngapi", kisha "sare". Chukua karatasi, gawanya mwaka kwa wiki, weka alama moja kwa kila mtu aliyeuliza katika wiki hiyo. Kwa wino wa rangi nyingine weka alama ya kila aliyelipa.

Utaona mistari miwili isiyolingana. Maswali hutangulia malipo. Tuseme mshonaji wetu amegundua kwamba swali la kwanza la maana huja wiki 8 kabla ya shule kufunguliwa, ilhali fedha nyingi huingia wiki ya 3 na ya 2 kabla ya kufungua. Hii ndiyo tarehe inayotawala mpango: msimu wake unaanza siku watu wanapoanza kuuliza, mapema kabisa kuliko siku wanapolipa. Anayeanza kutangaza wiki ya 3 anakuta wenzake wameshawajibu wateja wake.

Oda za kuchelewa huendelea wiki 2 baada ya kufungua. Basi msimu wake ni wiki 8 na 2, jumla 10. Mwaka una wiki 52, kwa hiyo kimya ni wiki 42. Ndani yake kuna vilima vidogo mihula mingine inapoanza, lakini si vya kubadilisha mpango.

Kabla ya kuendelea, linganisha msimu uliopita na ule wa kabla yake. Kama hata ndani ya msimu wenyewe maswali yamepungua sana, tatizo lako si kiangazi cha biashara. Huenda ni bei, huenda kazi zilichelewa, huenda shule imebadilisha mshonaji. Posti hazitibu hilo, na ni afadhali ulijue leo kuliko baada ya wiki 42 za kujituma bure.

Posti za kiangazi huvunwa masika

Wiki 42 zinatisha, najua. Lakini hesabu ikifanywa polepole inapungua. Posti kubwa moja kwa wiki inatosha, yaani posti 42. Wakati wa msimu ulikuwa ukiposti kila siku. Sasa shuka hadi moja kwa wiki, siku ileile, na stetasi mbili tatu fupi katikati. Katika hizo 42, theluthi moja zinaweza kuwa marudio ya zile zilizopokewa vizuri, zikiwa na picha mpya au maneno mapya. Hizo ni 14. Zinabaki 28 za kutengeneza.

Wapi utapata mambo 28 ya kusema wakati huna kazi mezani? Hapa ndipo wengi hukwama. Wanakaa mbele ya simu mwezi wa ukimya, kichwa kitupu, mwishowe wanaposti nukuu ya kutia moyo juu ya picha ya machweo. Akiba inapaswa kukusanywa msimu ukiwa umepamba moto, wakati meza imejaa vitambaa na maswali hayakomi. Wiki 10 za msimu, vitu 3 kila wiki, unapata 30. Umemaliza.

Fungua albamu moja kwenye simu, ipe jina "Akiba". Kila wiki tia humo vitu vitatu hivi. Swali moja la mteja, likiwa limeandikwa vilevile alivyouliza, bila jina lake: "Kwa nini sweta inatoka vidonge kwapani?" Picha au video fupi moja ya mikono ikifanya kazi, sekunde 20 tu, kwa mfano unavyopiga pasi marinda yakakaa. Na jambo moja lililoharibika kisha likarekebishwa, kama zipu iliyoshonwa upande usio wake. Hilo la tatu watu hulipenda kuliko unavyodhani, kwa sababu linaonyesha fundi anayekagua kazi yake kabla haijatoka.

Angalizo moja ninaloliona zito. Usipige sura za watoto, na usionyeshe nembo ya shule pamoja na mtoto. Nembo na sura vikikaa pamoja vinamwambia mtu yeyote mtoto huyo anapatikana wapi. Piga picha nguo ikiwa imetandazwa mezani, au mikono yako.

Gawa ukimya katika vipindi vitatu

Mshonaji wetu anagawa wiki zake 42 hivi: wiki 8 za mwanzo ni za kuhudumia kile kilichonunuliwa, wiki 22 za katikati ni za kubaki karibu kwa maombi madogomadogo, na wiki 12 za mwisho ni za kuelekea msimu.

Wiki 8 za mwanzo sare bado ni mpya na zinapata misukosuko yake ya kwanza. Kifungo kinakatika, magoti yanaanza kung'aa, rangi inapauka kwa kuanikwa juani. Kila jambo kati ya hayo ni posti. Nikionyesha moja kwa ukamilifu utaelewa sauti inayotakiwa:

"Mama, suruali ya mtoto imeshaanza kupanda juu ya kifundo? Usikimbilie kununua nyingine. Igeuze ndani, angalia upindo wa chini. Ukikuta kitambaa kimekunjwa vidole vitatu au zaidi, fumua uzi taratibu kwa kiwembe kidogo, kunjua, kisha loweka mstari wa zamani kwa maji yaliyochanganywa na siki kidogo na upige pasi juu ya kitambaa safi. Jaribu kwanza sehemu isiyoonekana. Halafu kunja upya, mara hii kidole kimoja. Ukikwama nitumie picha ya upindo, nitakuambia kama unafaa."

Angalia posti hiyo imefanya nini. Haijataja bei. Imemzuia mzazi asinunue. Mwishoni imemwomba kitu kimoja kidogo, picha, na picha hiyo inafungua mazungumzo. Mshonaji mmoja niliyemsaidia kupanga posti aliniambia waziwazi kwamba anaogopa kujinyima mauzo kwa ushauri wa namna hii. Hofu yake naielewa, ila nguo iliyoongezwa upindo humfikisha mzazi miezi michache tu. Mtoto wa umri wa shule ya msingi hurefuka takriban sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka, na upindo una mwisho. Siku mwisho huo unapofika, mzazi anamjua aliyemwambia ukweli.

Katikati: omba kidogo, andika unachopewa

Wiki 22 za katikati ndizo ngumu, na ndizo zinazoamua msimu ujao. Hapa kila posti ya pili iwe na ombi ambalo mtu analitimiza kwa dakika mbili. "Laiki kama unakubali" si ombi, haikuachii chochote. Omba kitu kitakachokufaa wewe na yeye.

Kwa mshonaji, ombi bora ni vipimo. "Chukua futi ya kamba, mpime mwanao kiuno, na urefu kutoka kiunoni hadi kifundo. Nitumie namba mbili hizo na rangi ya sare yake. Nitazitunza, na shule zikikaribia kufunguliwa nitakukumbusha umpime tena ili tuone ameongezeka kiasi gani." Wazazi hupenda kujua mtoto amekua kiasi gani, hivyo wanajibu. Na wewe umepata vitu vitatu kwa mpigo: mteja wa msimu ujao, kazi anayoitaka, na ruhusa ya kumwandikia tena. Ruhusa hiyo ni mali. Ujumbe wako wa baadaye hautakuwa tangazo lililoingia bila hodi. Utakuwa ahadi uliyoitimiza.

Biashara nyingine zina vipimo vyake. Mpiga picha wa harusi anaomba mwezi wa harusi na idadi ya wageni. Mwenye nyumba ya wageni anauliza mtu husafiri na nani, na watoto wana umri gani. Kanuni ni ileile: uliza jambo ambalo ungemuuliza siku ya kupokea oda, ila uliulize mapema.

Majibu yasiachwe yaelee ndani ya chati. Kama unatumia WhatsApp Business, mpe kila aliyetuma vipimo lebo moja, tuseme "Vipimo". Kisha nakili kwenye daftari: jina, namba, rangi ya sare, vipimo, tarehe. Tarehe usiisahau. Kipimo cha miezi minane nyuma ni kipimo cha mtoto mwingine.

Hapa pana mtego wa kiufundi unaowaangusha wengi. Orodha ya matangazo ya WhatsApp, ile inayopeleka ujumbe mmoja kwa watu wengi na kila mmoja akaupata peke yake, huwafikia tu wale waliohifadhi namba yako kwenye simu zao. Orodha moja inabeba watu 256. Unaweza kuwa na watu 100 kwenye orodha, na 40 kati yao hawajawahi kupata hata neno moja kutoka kwako. Namna ya kujua: tuma ujumbe, subiri siku moja, ubonyeze kwa muda, fungua maelezo yake, uone umefika kwa wangapi. Ambao haukuwafika waandikie mmoja mmoja, na kila mtu anapokutumia vipimo mwambie, "Hifadhi namba hii kwa jina la fundi sare ili kumbusho likufikie." Usiogope kusema hivyo, umempa sababu.

Kuhusu kupanga posti zijitume zenyewe: Instagram inaruhusu kupanga posti hadi siku 75 mbele, yaani takriban wiki 10. Kaa chini mara nne kwa mwaka, panga fungu zima, upumue. Lakini siku posti inapotoka, uwepo kwa saa moja ujibu. Mzazi aliyetuma picha ya upindo Jumanne akajibiwa Ijumaa hatatuma vipimo mwezi ujao.

Pima joto, na ujue linaposhuka

Mauzo hayawezi kuwa kipimo chako kipindi hiki, kwa sababu hata ukifanya kila kitu sawasawa yatakuwa madogo. Ukiyatazama utakata tamaa na kurudi kwenye kelele. Badala yake, kila Ijumaa andika namba tatu: watu walioona stetasi ya wiki hiyo iliyotazamwa zaidi, watu waliojibu kwa maneno au picha, na vipimo vipya vilivyoingia. Laiki ziache. Mtu hubonyeza laiki huku akipita, lakini hakuandikii kama hakujali.

Namba ya waliotazama stetasi ichukulie kama kiwango cha chini, maana waliozima taarifa za kusoma hawaonekani kwenye orodha hiyo hata kama wametazama. Linganisha namba zako na za kwako mwenyewe za wiki zilizopita, usizilinganishe na za mwenzako.

Dalili ya uhai ni swali la undani: "Je, kitambaa kizito kinachelewa kuchakaa magoti?" Dalili ya baridi ni meseji inayoanza na "Bado mnashona?" Ukiipata hiyo mara mbili kwa mwezi, ujue watu hawakuoni. Na kama majibu yameshuka wiki tatu mfululizo, usiongeze idadi ya posti. Hilo ndilo kosa la kawaida, na linaongeza kasi ya watu kukupita. Chagua watu kumi kwenye daftari, umwandikie kila mmoja jambo linalohusu nguo yake: "Sketi ya marinda uliyochukua, ukiifua igeuze ndani na uianike kivulini, rangi yake ya bluu hupauka upesi." Watano wakijibu, utasikia wanachosumbuka nacho sasa, na hiyo ndiyo posti ya wiki ijayo.

Punguzo na mengine yanayoharibu

Punguzo la kila mara katikati ya ukimya ndilo linaloharibu zaidi. Mteja asiye na haja hanunui kwa sababu bei imeshuka. Anachojifunza ni kwamba bei yako ya msimu si ya kweli, na msimu ukifika anasubiri ishuke. Kama unataka kutoa nafuu, itoe mara moja, mwishoni mwa wiki 12 za kuelekea msimu, kwa walio kwenye daftari tu, na iwe na sababu inayoeleweka: anayeleta oda mapema anakusaidia kushona bila kukesha, hivyo analipa kidogo pungufu, na siku ya kufunga nafuu hiyo itajwe. Ikifika, ifunge kweli.

Posti za kulalamika kwamba biashara ngumu nazo ziache. Wanaokupenda watakuonea huruma, lakini huruma haileti oda, na mgeni anayepita atajiuliza kwa nini wateja wamekukimbia. Pia usigeuze ukurasa kuwa gulio la kila kitu kwa sababu sare hazitoki. Kazi iliyo jirani na yako inakubalika, mathalani kubadilisha zipu au kupunguza suruali za wakubwa, kwa sababu bado inasema wewe ni fundi.

Kuurudisha msimu bila kukanyagana

Katika wiki 12 za mwisho za ukimya lugha inabadilika taratibu. Wiki 10 za kwanza kati ya hizo onyesha maandalizi: vitambaa vinavyoingia, jaribio la kola mpya, cherehani ikisafishwa. Usiuze bado. Unamwonyesha mzazi kwamba unajiandaa, naye anaanza kuwaza sare mwenyewe.

Wiki 2 za mwisho, ambazo ni ya 10 na ya 9 kabla ya shule kufunguliwa, timiza ahadi. Tuma kumbusho kwa kila aliye kwenye daftari: "Miezi minane iliyopita mwanao alikuwa kiuno 58, urefu 76. Mpime leo unitumie. Kama hajabadilika sana, huenda upindo unatosha, nitakuambia." Andika vipimo vyake halisi ndani ya ujumbe. Namba hizo ndizo zinazomfanya aamke akatafute futi ya kamba.

Kisha piga hesabu ya mikono yako kabla ya kutangaza kwa watu wote. Tuseme daftari lina watoto 60, na unaweza kushona sare 12 kwa wiki bila kuharibu kazi. Ukigawa 60 kwa 12 unapata wiki 5. Hata kama nusu tu ya wazazi wataagiza, ni watoto 30, wiki mbili na nusu za kazi. Ukiwafungulia hao oda mwanzoni mwa wiki ya 8, watakuwa wamemalizika kufikia katikati ya wiki ya 6, kabla ya umati wa wiki ya 3. Watu wa nje wanapoanza kumiminika, meza yako ina nafasi, na una nguo zilizokwisha za kuonyesha.

Tangazo la wazi litoke siku chache baada ya daftari kufunguliwa, nalo liseme nafasi zilizobaki kwa kila wiki, kwa namba za kweli: "Wiki ya kwanza imejaa. Wiki ya pili zimebaki sare 5." Wiki ikijaa, iseme imejaa, na umpeleke mteja wiki inayofuata. Na siku hiyohiyo oda ya kwanza inapoingia, fungua albamu mpya ya "Akiba" na uanze kuweka vile vitu vitatu vya wiki.